Uwiano wa Kasi Huzidishwa, Haujumlishwi

Umebadilisha kompaila, au umeandika upya sehemu ya maktaba ya programu, au ofisi imenunua kompyuta mpya. Umeendesha programu kadhaa za majaribio kwenye mfumo wa zamani na kwenye mfumo mpya, ukaandika muda wa kila moja. Kisha kwa kila programu umegawa muda wa zamani kwa muda mpya, ukapata uwiano wa kasi. Uwiano wa 2 unaonyesha kwamba mfumo mpya unamaliza kazi ile ile kwa nusu ya muda, 1 unaonyesha kwamba hakuna kilichobadilika, 0.5 unaonyesha kwamba mfumo mpya unachukua muda mara mbili. Sasa anayekusubiri anataka namba moja tu: kwa jumla, kasi imeongezeka mara ngapi?

Wengi wetu hapo hujumlisha namba za uwiano na kugawa kwa idadi yake, kama tulivyofundishwa wastani shule ya msingi. Njia hiyo inaharibu jibu, na kwa bahati nzuri kuna jaribio jepesi la kuuona uharibifu huo.

Chukua programu mbili tu. Ya kwanza ilichukua sekunde 10 kwenye mfumo wa zamani, sasa inachukua 5. Ya pili ilichukua sekunde 2, sasa inachukua 4. Namba za uwiano ni 2 na 0.5. Wastani wa kawaida ni 1.25, kwa hiyo utaandika kwamba mfumo mpya una kasi zaidi kwa asilimia 25. Sasa mwachie hesabu hiyo hiyo mtetezi wa mfumo wa zamani. Yeye atagawa muda mpya kwa muda wa zamani, maana anataka kujua wa zamani unaushinda mpya mara ngapi. Atapata 0.5 na 2, wastani 1.25, naye ataandika kwamba mfumo wa zamani una kasi zaidi kwa asilimia 25. Vipimo ni vile vile, saa ni ile ile, na kila mmoja ameshinda. Njia ya hesabu inayompa ushindi yeyote aliyeamua nani akae juu ya mstari wa kugawa haifai kutegemewa.

Wastani wa kijiometri haufanyi hivyo. Badala ya kujumlisha unazidisha, na badala ya kugawa kwa idadi unatafuta kipeuo cha idadi hiyo: kipeuo cha pili kwa namba mbili, cha tano kwa namba tano. Hapa 2 mara 0.5 ni 1, na kipeuo cha pili cha 1 ni 1. Ukigeuza, 0.5 mara 2 bado ni 1. Programu moja imepata kasi maradufu, nyingine imepoteza nusu ya kasi, na jumla ni sare, vyovyote utakavyogawa.

Sababu ya tofauti hii iko katika asili ya uwiano wenyewe. Bei ya kilo ya sukari ikipanda kutoka shilingi 3,000 kwa asilimia 50 inafika 4,500. Ikishuka tena kwa asilimia 50 hairudi 3,000 bali inaishia 2,250, kwa sababu mabadiliko ya namna hii hufuatana kwa kuzidisha. Uwiano wa kasi ni hivyo hivyo. Kinyume cha 2 si sifuri wala hasi 2, ni 0.5. Ila kwenye mstari wa namba, 2 iko mbali na 1 kwa hatua nzima, huku 0.5 iko mbali na 1 kwa nusu hatua tu. Wastani wa kawaida unapima umbali huo wa mstari, kwa hiyo kila ushindi unauona mkubwa na kila hasara inayolingana nao unaiona ndogo. Kasi inaweza kupanda mara 10 au mara 100 bila kikomo, lakini hasara zote, hata ziwe mbaya vipi, zinabanana kati ya 0 na 1.

Ukichukua logarithimu ya uwiano, upendeleo huo unaondoka. Logi ya asili ya 2 ni 0.693 na ya 0.5 ni hasi 0.693. Faida na hasara zimekaa pande mbili za sifuri kwa umbali sawa. Ukitafuta wastani wa kawaida wa logi hizo, kisha ukarudisha jibu kutoka kwenye logi, umepata wastani wa kijiometri. Ni namba ile ile, na ndivyo kompyuta inavyoikokotoa vizuri zaidi, kwa sababu kuzidisha mamia ya namba za uwiano moja kwa moja kunaweza kutoa zao kubwa au dogo kupita linavyoweza kuhifadhiwa.

Mfano wa programu mbili unaonyesha kosa, lakini kazi halisi ina programu nyingi na moja kati yake mara nyingi ina tabia ya peke yake. Tuchukue programu tano. Namba nimezichagua mimi ili hesabu ifuatike kwa urahisi. Muda wote ni kwa sekunde.

| Programu | Zamani | Mpya | Uwiano |
|---|---|---|---|
| Kupanga orodha | 12.0 | 8.0 | 1.5 |
| Kusoma faili za JSON | 6.0 | 5.0 | 1.2 |
| Kutafuta maneno | 9.0 | 10.0 | 0.9 |
| Kuzidisha matriki | 4.0 | 0.4 | 10.0 |
| Kubana faili | 20.0 | 25.0 | 0.8 |

Wastani wa kawaida wa safu ya mwisho ni 14.4 gawa kwa 5, yaani 2.88. Ripoti ingesema kasi imekaribia kuongezeka mara tatu. Mtu akiendesha programu hizo hatakutana na mara tatu hiyo popote: nne kati ya tano hazijafika hata mara mbili, na mbili zimerudi nyuma. Namba 2.88 imebebwa na matriki peke yake.

Geuza sasa. Gawa mpya kwa zamani, utafute wastani wa kawaida, na jibu ni 0.792. Yaani kwa wastani muda umeshuka hadi asilimia 79 ya ule wa zamani. Ukilirudisha jibu hilo kuwa kasi, 1 gawa kwa 0.792, unapata 1.26. Kumbuka hatujagusa kipimo hata kimoja. Njia moja imetoa 2.88 na 1.26 kwa data ile ile, na anayetaka kuuza mfumo wake anajua atachagua ipi.

Wastani wa kijiometri: 1.5 mara 1.2 mara 0.9 mara 10 mara 0.8 ni 12.96. Kipeuo cha tano cha 12.96 ni 1.67. Ukigeuza unapata 0.60, na 1 gawa kwa 0.60 inakurudisha pale pale kwenye 1.67.

Inafaa kusimama kidogo kwenye zile namba mbili za kando, 2.88 na 1.26, kwa sababu hazikutokea ovyo. Kila moja ni jibu sahihi la swali ambalo hukuliuliza. Ukijumlisha muda wote wa zamani na kuugawa kwa jumla ya muda wote mpya, unachopata ni wastani wa namba za uwiano, ila kila uwiano umepewa uzito kulingana na muda ambao programu yake inachukua kwenye mfumo mpya. Kwa hiyo anayetumia wastani wa kawaida bila uzito anadai, bila kujua, kwamba programu zote tano zinachukua muda sawa kwenye mfumo mpya. Rudisha dai hilo kwenye mfumo wa zamani uone lilivyo la ajabu: kama kila programu inachukua sekunde 1 sasa, basi zamani matriki ilichukua sekunde 10 kati ya jumla ya 14.4, karibu asilimia 69 ya kazi yote. Yaani programu iliyofaidika zaidi inapewa uzito mkubwa zaidi, kwa sababu tu imefaidika. Ile 1.26 inadai kinyume, kwamba programu zote zilichukua muda sawa kwenye mfumo wa zamani. Wastani wa kijiometri haupendelei mfumo wowote kati ya hiyo miwili, na siku zote hukaa katikati ya namba hizo mbili, isipokuwa namba za uwiano ziwe sawa zote, ambapo njia zote tatu hutoa jibu moja.

Hoja hii ina historia yake. Mwaka 1986 Philip Fleming na John Wallace walichapisha katika jarida la Communications of the ACM makala iliyoonyesha kwa hesabu kwamba, kwa namba zilizogawanywa kwa kipimo cha rejea, wastani wa kijiometri ndio wa kutumia, kwa sababu ndio pekee unaotimiza sharti hili: wastani wa mazao uwe sawa na zao la wastani. Miaka miwili baadaye, mwaka 1988, kampuni za kompyuta ziliunda SPEC, shirika la kuweka programu za pamoja za kupima kasi. Mkusanyiko wake wa kwanza, wa mwaka 1989, ulikuwa na programu kumi. Kila kompyuta ililinganishwa na mashine ya rejea, VAX-11/780, na namba kumi za uwiano zikafupishwa kwa wastani wa kijiometri. SPEC bado wanafanya hivyo.

Faida ya uamuzi huo ilionekana mashine ya rejea ilipozeeka. Katika mkusanyiko wa mwaka 2006 rejea ilikuwa kompyuta ya Sun yenye kichakato cha megahezi 296. Katika ule wa 2017 ni Sun Fire V490 yenye megahezi 2,100. Ukilinganisha kompyuta mbili kwa wastani wa kijiometri, muda wa rejea unatokea juu na chini ya mstari wa kugawa na kujifuta wenyewe, kwa hiyo kwa programu zile zile na vipimo vile vile mshindi habadiliki hata ukibadilisha rejea. Kwa wastani wa kawaida, kubadilisha rejea tu kunaweza kumgeuza mshindi kuwa mshindwa.

Sharti lile la mazao lina manufaa ya kila siku pia kwa anayetoa matoleo mfululizo ya programu yake. Kama toleo la pili lina kasi mara 1.20 ya la kwanza, na la tatu lina mara 1.25 ya la pili, basi kwa wastani wa kijiometri la tatu lina mara 1.50 ya la kwanza, barabara kabisa, alimradi programu za majaribio hazijabadilika. Huhitaji kulifufua toleo la kwanza na kulipima upya. Namba zilizotoka kwenye wastani wa kawaida hazizidishiki namna hiyo; baada ya matoleo manne au matano, kasi unayoitangaza inaweza kuwa mbali sana na ile ambayo ungeipima.

Kukokotoa kwenyewe ni jambo dogo. Kwenye lahajedwali ya Excel au LibreOffice, kama namba za uwiano ziko kwenye seli B2 hadi B6, andika `=GEOMEAN(B2:B6)`. Kwenye Python, kuanzia toleo la 3.8, kazi hiyo imo ndani ya moduli ya `statistics`:

```python
from statistics import geometric_mean

zamani = [12.0, 6.0, 9.0, 4.0, 20.0]
mpya = [8.0, 5.0, 10.0, 0.4, 25.0]

uwiano = [z / m for z, m in zip(zamani, mpya)]
print(round(geometric_mean(uwiano), 2))  # 1.67
```

Zana nyingine zinakufanyia hivyo bila kuombwa. `pyperf compare_to` ya Python na `benchstat` ya Go zote huweka wastani wa kijiometri mwishoni mwa jedwali.

Ugumu uko kabla na baada ya mstari huo wa kodi.

Kabla yake, hakikisha kila uwiano unaouingiza ni imara. Wastani wa kijiometri huipa kila programu kura moja, iwe inachukua sekunde 25 au robo ya sekunde. Katika jedwali letu, saa ikiyumba kwa sehemu ya ishirini ya sekunde, programu ya kubana faili haitatikisika, lakini matriki ya sekunde 0.4 inaweza kuruka kutoka uwiano wa 10 hadi karibu 9 au zaidi ya 11. Kwa hiyo programu fupi zirefushwe kwa kupewa data kubwa zaidi au kurudiwa ndani kwa ndani, na kila programu iendeshwe mara kadhaa. Marudio hayo ya programu moja usiyaingize yote kwenye wastani wa kijiometri. Yapange kwa ukubwa, uchukue muda ulio katikati, ndipo ugawe. SPEC hufanya hivyo pia: mtu akiendesha mara tatu, unachukuliwa muda wa katikati. Kompyuta ya mkononi iwe imechomekwa kwenye umeme, kwa sababu nyingi hupunguza kasi zikitumia betri, na tofauti hiyo itaonekana kwenye namba zako kama vile ni kazi ya kompaila.

Angalia pia kama programu zako ni ndugu. Ukiwa na majaribio manane ya kusoma JSON, yanayotofautiana kwa ukubwa wa faili tu, na jaribio moja la kubana faili, basi JSON ina kura nane. Tafuta kwanza wastani wa kijiometri wa yale manane, upate uwiano mmoja wa JSON, kisha huo ndio uingie kwenye hesabu kuu pamoja na uwiano wa programu nyingine.

Asilimia nazo huleta makosa mengi. Ripoti nyingi huandika kwamba programu moja imeongezeka kasi kwa asilimia 50 na nyingine imepungua kwa asilimia 20. Huwezi kutafuta wastani wa kijiometri wa 50 na hasi 20. Zigeuze kwanza ziwe 1.5 na 0.8, zao ni 1.2, kipeuo chake cha pili ni 1.095, yaani ongezeko la karibu asilimia 10. Wastani wa kawaida wa asilimia hizo ungekuambia 15. Tena uliza asilimia hiyo ni ya nini. Muda ukipungua kwa asilimia 50, kasi imeongezeka kwa asilimia 100. Ukichanganya asilimia za muda na asilimia za kasi katika safu moja, hakuna wastani utakaokuokoa.

Na programu iliyokwama? Kama mfumo mpya umeshindwa kabisa kuendesha moja ya programu, haina muda, kwa hiyo haina uwiano. Ukiweka sifuri, zao lote linakuwa sifuri. Ukiitoa kimya kimya, umeupa mfumo mpya zawadi, maana programu zinazokwama aghalabu ndizo zilizokuwa ngumu kwake. Itoe pande zote mbili, kisha uandike wazi karibu na jibu kwamba programu nne kati ya tano ndizo zilizohesabiwa, na uitaje iliyoshindwa.

Baada ya hesabu, usiikubali 1.67 kabla ya kuihoji. Njia ninayoipenda zaidi ni kuondoa programu moja moja na kukokotoa upya. Bila kupanga orodha, wastani ni 1.71. Bila JSON ni 1.81, bila kutafuta maneno ni 1.95, bila kubana faili ni 2.01. Bila matriki ni 1.07. Hapo picha yote imejifunua: mfumo huu ni bora kwa asilimia 7 hivi kwenye kazi za kawaida na ni bora mno kwenye matriki. Wastani wa kijiometri umepunguza nguvu ya namba iliyopitiliza, haukuifuta, na wala si kazi yake kuifuta.

Anayependa kipimo kimoja cha kutawanyika atafute mchepuko sanifu wa zile logi na kuurudisha kutoka kwenye logi. Kwa jedwali letu unatoka 2.80. Namba hii haijumlishwi na kutolewa kama ilivyozoeleka. Huzidishwa na kugawiwa. 1.67 gawa kwa 2.80 ni 0.60, na 1.67 mara 2.80 ni 4.68. Masafa kutoka 0.60 hadi 4.68 yanakuambia kwamba programu hizi hazina hadithi moja, kwa hiyo namba moja haiwezi kuisimulia. Kama namba zako za uwiano zingekuwa kati ya 1.2 na 1.5 zote, mchepuko huo ungekaribia 1, nawe ungetoa muhtasari wako kwa moyo mweupe.

Kisa cha matriki nimekiweka kwa makusudi. Kati ya programu kumi za SPEC za mwaka 1989 kulikuwa na moja iliyoitwa `matrix300`, iliyozidisha matriki, na ambayo karibu muda wake wote ulitumika kwenye mstari mmoja wa kodi. Watengenezaji wa kompaila wakagundua kwamba mzunguko wenye mstari huo ukikatwa vipande vidogo vinavyotosha kwenye kumbukumbu ya karibu na kichakato, kasi yake inaruka mara nyingi. Matokeo ya jumla yakapanda bila programu nyingine kupata faida yoyote ya maana. Mkusanyiko wa mwaka 1992 ukaiacha `matrix300`.

Kisa hicho kinaonyesha udhaifu wa kweli wa wastani wa kijiometri, na John Hennessy na David Patterson wameueleza katika kitabu chao cha usanifu wa kompyuta. Kila ongezeko la asilimia 10 katika programu yoyote lina thamani sawa. Kwenye jedwali letu, kuitoa matriki kwenye 10 hadi 11 kunapandisha jumla kwa karibu asilimia 2, na kuitoa programu ya kubana faili kwenye 0.8 hadi 0.88 kunapandisha kwa kiasi kile kile. Lakini ya kwanza inamwokolea mtumiaji sekunde 0.04 na ya pili inamwokolea zaidi ya sekunde 2. Anayefukuzia namba atashughulikia iliyo rahisi, si iliyo na manufaa. Wastani wa kawaida hauponyi ugonjwa huu, unauzidisha: huko, asilimia 10 za matriki zingepandisha jumla kwa asilimia 7, na zile za kubana faili kwa nusu asilimia tu.

Dawa yake ni kujua kazi yako. Wastani wa kijiometri si muda wa mtu yeyote. Hakuna saa itakayokuonyesha 1.67. Kama unaendesha programu hizo tano kila usiku, mara moja kila moja, usitafute wastani wowote: jumlisha sekunde. Zamani zilikuwa 51.0, sasa ni 48.4, na kasi imeongezeka mara 1.05. Hilo ndilo jibu lako, na ni jibu bora kuliko 1.67, kwa sababu uzito wa kila programu unatoka kwenye kazi halisi. Programu ya kubana ikiendeshwa mara kumi kwa usiku, zidisha sekunde zake kwa kumi kabla ya kujumlisha. Jumla inakuwa 231.0 kwa zamani na 273.4 kwa mpya, na mfumo mpya umeshindwa waziwazi. Mwaka 1988 James Smith aliandika katika jarida lile lile la Communications of the ACM kutetea jambo hili: kipimo cha mwisho cha kasi ni muda wote unaotumika, na muda hujumlishwa kwa wastani wa kawaida.

Hivyo Fleming na Wallace hawapingani na Smith kama inavyodhaniwa. Sekunde zina kizio, na zikijumlishwa zinatoa sekunde ambazo mtu kweli amesubiri. Uwiano hauna kizio. Ukijumlisha mara 10 za matriki na mara 0.8 za kubana faili, zile mara 10.8 si za kitu chochote. Swali la kujiuliza ni kama unajua programu hizi zitatumika kwa kiasi gani. Ukijua, jumlisha sekunde kwa uzito wake. Usipojua, kama ilivyo kwa anayetangaza toleo jipya la lugha litakalotumiwa na watu ambao hajawahi kuwaona, basi namba za uwiano na wastani wake wa kijiometri ndizo zisizoegemea upande. Python 3.11 ilipotoka mwaka 2022, watengenezaji wake walitaja ongezeko la mara 1.25 kwa wastani katika mkusanyiko wao wa majaribio, na kando yake wakaandika kwamba programu tofauti zinaweza kuona ongezeko la kati ya asilimia 10 na 60.

Nawe ukiandika ripoti yako, iga mtindo huo. Andika kwamba wastani ni wa kijiometri, umetoka kwenye programu ngapi, na upande upi wa kugawa umetumia. Weka uwiano wa chini kabisa na wa juu kabisa kwenye sentensi ile ile, kisha uache jedwali la sekunde halisi chini yake, ili msomaji anayejua uzito wa kazi yake ajikokotolee mwenyewe.